Barua kwa darasa la Mofolojia: kukata sehemu ya mtihani tu kutoka kwenye rekodi ya mhadhara

Wanangu wa mwaka wa pili, hamjambo?

Mwakilishi wenu alikuja ofisini juzi na ombi mlilomtuma: niwape rekodi ya wiki ya 6 "bila maneno mengi", yaani nibakize yale yanayotoka kwenye mtihani. Nimekataa. Sababu si ubahili. Kazi ya kuchagua kipi kibaki na kipi kitoke ndiyo nusu ya kujisomea kwenyewe, na nikiifanya mimi mtabaki na faili la kusikiliza kwenye daladala mkisinzia. Badala yake nimekaa nikaikata rekodi hiyo mwenyewe, hatua kwa hatua, nikiandika kila nilichofanya. Fuateni hapa, kisha wiki ya 7 mtaikata ninyi.

Rekodi yenyewe mnaijua. Ni ya kile kipindi cha Zoom, faili la `mp4` lenye saa 1, dakika 52 na sekunde 8, uzito wake megabaiti 412. Najua bando la wengi wenu halibebi mzigo huo. Tukimaliza tutakuwa na sauti ya dakika 51 na nusu isiyofika megabaiti 20, na ndani yake hakuna swali la wiki ya 6 litakalokosa jibu.

Kabla ya mkasi

Msianze kukata. Kosa la mwaka jana lilianzia hapo, na nitalieleza kwa sababu mwenye kosa la kwanza nilikuwa mimi.

Nilikuwa nafundisha kauli ya kutendea. Nikasema, kwa sauti ya kujiamini kabisa, kwamba mzizi wenye irabu e, o au u huchukua kiambishi -e-. E na o ni sahihi: cheka huzaa chekea, soma huzaa somea. U iliponyoka tu, akili yangu ilikuwa imeshatangulia kwenye kauli ya kutendua. Saa nzima baadaye mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, mbona tunasema fungia, hatusemi fungea?" Nikarudi ubaoni nikasahihisha. Mtu mmoja mwenye nia njema akakata ule mhadhara, akabakiza kipande chenye kanuni, akakitupa kwenye kundi la darasa. Kipande kilikuwa kisafi, sauti nzuri, dakika 12 tu. Sahihisho lilikuwa nje yake. Kwenye mtihani nikasahihisha vijitabu 11 vyenye "fungea" na "rukea", vyote na kanuni ileile ya e, o, u, neno kwa neno kama nilivyoitamka. Ningemlaumu nani?

Mwaka huu, amini usiamini, ulimi umeteleza palepale. Kwa hiyo rekodi ya wiki ya 6 ina mtego uleule, na tutautegua pamoja.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuwa na vitu vitatu mezani: muhtasari wa kozi niliowapa wiki ya kwanza, daftari lenu la siku ile, na karatasi tupu. Muhtasari ndio unaosema kipi kinatahiniwa. Maswali siyatungi kutoka kwenye vichekesho vyangu. Nayatunga kutoka kwenye yale matokeo yaliyoandikwa mbele ya kila wiki. Wiki ya 6 imeandikwa matatu: mwanafunzi aweze kutaja kanuni ya irabu katika kauli ya kutendea na ya kutendua, aweze kunyambua vitenzi vinavyoishia na irabu mbili pamoja na vile vya mkopo, na aweze kueleza kwa nini sauti l hujitokeza katika baadhi yake. Andikeni namba 1, 2 na 3 juu ya karatasi. Kila kipande mtakachobakiza lazima kibebe mojawapo ya namba hizo. Kisipobeba, kinatoka, hata kama kilichekesha.

Kusikiliza mara moja, kalamu mkononi

Njia ya mkato hapa hakuna. Rekodi lazima isikilizwe yote mara moja. Lakini si lazima kwa mwendo wa kawaida: fungueni kwa VLC, ongezeni kasi iwe 1.5, na saa 1 na dakika 52 zitakuwa saa moja na robo. Mimi huongea polepole, kwa hiyo hamtapoteza neno. Kila mada inapobadilika, simamisheni, mwandike muda unaoonekana chini ya kioo na maneno mawili matatu ya kilichosemwa. Hili ndilo jedwali langu la wiki ya 6:

00:00:00 – mahudhurio, projekta inagoma, tangazo la kazi ya kikundi, marudio ya wiki ya 5
00:18:40 – kauli ya kutendea inaanza, kanuni ya irabu (1)
00:32:10 – vitenzi vya mkopo: jibu, samehe, sahau (2)
00:47:15 – umeme unakatika, gumzo
00:58:05 – "bibi yangu", njaa na njala, vitenzi vya irabu mbili (2, 3)
01:16:30 – maswali ya kazi ya kikundi
01:31:50 – swali la "fungea", sahihisho, kauli ya kutendua (1)
01:36:20 – matangazo, vitabu vya kuazima, kwaheri

Sasa nisimulie nilivyoamua, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea, si kwenye kompyuta.

Dakika 18 za mwanzo ni rahisi. Tangazo la kazi ya kikundi ni muhimu, lakini mahali pake ni kwenye daftari, tarehe na maksi basi. Marudio ya wiki ya 5 yanatahiniwa, ni kweli, ila yamo kwenye rekodi ya wiki ya 5 kwa urefu zaidi. Ukiyaweka na huku utasikiliza kitu kimoja mara mbili na kingine hutakisikiliza kabisa.

Kipande cha 00:58:05 ndicho kinachodanganya. Kinaanza na hadithi. Namtaja bibi yangu, nataja kusafiri, nataja kwamba Mganda anayesikia njaa atasema enjala, na Mchewa wa Malawi naye atasema njala. Darasa linacheka. Ukiwa na mkasi mkononi na usingizi machoni, utakitupa kipande hiki kwanza kuliko vyote. Kumbe ndicho pekee chenye namba 3. Hoja yangu pale ni kwamba Kiswahili kiliidondosha l mahali ambapo ndugu zake wengi wa Kibantu wameiacha ikae, na l hiyo haikufa, ilijificha. Unaponyambua nunua unapata nunulia, toa inakuwa tolea, zaa inakuwa zalia. L inarudi nyumbani kwake. Kisha nikauliza: basi sahau, neno lililotoka Kiarabu na ambalo halikuwahi kuwa na l ya kudondosha, limepata wapi l ya sahaulia? Jibu langu lilikuwa kwamba limefuata mkumbo wa vitenzi vingine vinavyoishia na irabu mbili. Swali la "kwa nini" la mtihani linakaa hapo, ndani ya hadithi ya bibi.

Kwa hiyo msihukumu kwa toni ya sauti. Hukumuni kwa namba. Dalili nyingine zinasaidia lakini haziamui: narudia sentensi mara mbili kwa mwendo wa imla, naomba "mfano mwingine", au kunakuwa na kimya kirefu na mlio wa kalamu ubaoni. Kimya cha namna hiyo msikipuuze, maana mara nyingi maneno mawili yanayofuata ndiyo kanuni yenyewe. Nanyi mkinisikia nasema "hili tuliache", angalieni kama nililirudia baadaye. Huwa narudi.

Kuna kazi ya mwisho kabla ya kukata: pitieni jedwali kuanzia chini kwenda juu mkijiuliza kila kipande cha mwishoni kinarekebisha nini cha mwanzoni. Masahihisho hukaa mwishoni siku zote. Hukaa kwenye maswali, watu wakiwa wameshafunga mabegi. Hapa kipande cha 01:31:50 kinarekebisha kanuni niliyoikosea saa 00:31:20. Kwa hiyo hakibaki mwishoni. Nakihamisha nikiweke mara tu baada ya kosa, masikio yasije yakakariri kanuni mbovu kwa dakika 34 kabla ya kuambiwa ni mbovu. Mpangilio wangu ukawa hivi: a ni 00:18:40 hadi 00:32:10, b ni sahihisho, 01:31:50 hadi 01:36:20, c ni 00:32:10 hadi 00:47:15, na d ni 00:58:05 hadi 01:16:30. Jumlisheni wenyewe: 13:30, 4:30, 15:05 na 18:25 ni 51:30. Hesabu hiyo tutaihitaji mwishoni.

Mipaka ya kipande iwekeni pale sentensi inapoanza, si pale neno mnalolitaka linapotokea. "Kwa hiyo si u" ni maneno yasiyo na maana kama swali la yule kijana wa nyuma halikusikika kwanza. Na kipande kiishe jibu linapoisha, pamoja na mfano wake.

Kukata

Kuna programu nyingi za kukata kwa kubonyeza, na simu nyingi zina mkasi wake ndani ya kinasa sauti. Tumieni mkitaka, lakini kwa nakala tu, kwa sababu baadhi yake huhifadhi kipande juu ya faili la asili na hapo saa mbili za mhadhara zimekwenda. Mimi natumia ffmpeg. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote, na kwenye simu ya Android inaingia kupitia Termux. Ukishaandika amri ya wiki ya 6, wiki ya 7 unabadilisha tarakimu tu.

Wenye simu, fanyeni hivi mkiwa kwenye waifai ya chuo, kwa kuwa kinachopakuliwa si kidogo:

```
pkg install ffmpeg
termux-setup-storage
cd ~/storage/downloads
```

Mstari wa pili utaomba ruhusa ya kuona mafaili ya simu, kubalini. Wa tatu unawapeleka kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa. Rekodi iwe humo, na jina lake liwe fupi lisilo na nafasi. Mimi nimeliita `wiki6.mp4`. Jina lenye nafasi katikati ndilo linalowatoa machozi wengi: programu inadhani ni mafaili mawili, inasema haioni lolote.

Naanza kwa kutoa sauti peke yake:

```
ffmpeg -i wiki6.mp4 -vn -ac 1 -ar 44100 -b:a 48k wiki6.m4a
```

`-vn` inaacha picha. `-ac 1` inabakiza mkondo mmoja wa sauti, kwani mhadhara si muziki, hauna kushoto wala kulia. `48k` ni kiasi cha data kwa kila sekunde, na kwa sauti ya mtu anayeongea kinatosha vizuri. Kwa kiwango hicho dakika moja inakula kilobaiti 360 hivi, kwa hiyo dakika 51 na nusu ni megabaiti 18 na kitu. Mwenye simu iliyojaa anaweza kushuka hadi `32k`, zikawa kama 12 na nusu. Chini ya hapo s na sh zinaanza kufanana, na kwa somo la fonimu na mofimu hiyo si biashara nzuri.

Halafu vipande:

```
ffmpeg -ss 00:18:40 -to 00:32:10 -i wiki6.m4a -c copy a.m4a
ffmpeg -ss 01:31:50 -to 01:36:20 -i wiki6.m4a -c copy b.m4a
ffmpeg -ss 00:32:10 -to 00:47:15 -i wiki6.m4a -c copy c.m4a
ffmpeg -ss 00:58:05 -to 01:16:30 -i wiki6.m4a -c copy d.m4a
```

`-c copy` maana yake sauti inanakiliwa ilivyo bila kuchakatwa tena, ndiyo maana kila mstari unamalizika kabla hujapepesa macho.

Tazameni mahali zilipokaa `-ss` na `-to`: zote mbili ziko kabla ya `-i`. Hili si pambo. Ukiiacha `-ss` mbele na kuihamishia `-to` nyuma ya `-i`, programu inaruka hadi mwanzo uliotaka, inaiita sehemu hiyo sifuri, kisha inahesabu `-to` kuanzia hapo. Ungeikosea hivyo kwenye kipande a, usingepata dakika 13 na nusu. Ungepata dakika 32 na sekunde 10, kikapitiliza kwenye mkopo, kukatika kwa umeme na gumzo lake. Hakuna ujumbe wa kosa utakaojitokeza, faili litacheza vizuri tu. Dalili yake ni urefu: kipande kikiwa kirefu kuliko hesabu ya karatasini, angalieni `-to` iko wapi.

Kuunganisha

Fungueni kihariri chochote cha maandishi, muandike faili liitwalo `orodha.txt`, kwenye folda ileile:

```
file 'a.m4a'
file 'b.m4a'
file 'c.m4a'
file 'd.m4a'
```

Kisha:

```
ffmpeg -f concat -i orodha.txt -c copy wiki6_mtihani.m4a
```

Mpangilio wa mistari ndio mpangilio wa kusikiliza. Kama ungependa sahihisho lije kwanza kabisa, panda na `b.m4a` juu, rudia amri, basi.

Binti mmoja wa mwaka jana alikuwa na wazo zuri: kati ya vipande aliweka sauti yake mwenyewe ikisema "sasa tunaingia mikopo". Alizirekodi kwa simu, akaziunganisha. Zilipofika, sauti yake ilikuwa nyembamba na ya haraka kama ya katuni, akadhani simu ina virusi. Tatizo lilikuwa lile `44100`. Hiyo ni idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde, na njia hii ya kuunganisha inadai vipande vyote viwe na idadi moja. Simu yake ilirekodi kwa idadi ndogo zaidi, programu ya kusikilizia ikaicheza kwa mwendo wa mhadhara. Dawa ni kupitisha kila kitu cha kuongezea kwenye amri ya kwanza, na `-ac 1 -ar 44100 -b:a 48k` zilezile, ndipo kiingie orodhani. Mkifanya hivyo, igeni wazo lake, linasaidia sana pale sauti inaporuka kutoka a kwenda b.

Pale picha inapohitajika

Kipande d kina jedwali ubaoni: nunua, toa, zaa, pokea, chukua, upande wa pili maumbo yake ya kutendea. Sauti inatosha kwa mwenye daftari. Asiyekuwepo darasani atataka kuona. Kwa hicho kimoja tu, kateni video:

```
ffmpeg -ss 00:58:00 -to 01:16:30 -i wiki6.mp4 -c copy d.mp4
```

Nimerudisha mwanzo nyuma kwa sekunde 5, na kuna sababu. Video haihifadhi kila picha ikiwa kamili. Inahifadhi picha kamili moja, kisha mabadiliko tu, mpaka picha kamili nyingine. Kwenye rekodi ya slaidi zinazokaa tuli picha kamili huweza kuachana kwa sekunde kadhaa. `-c copy` haiwezi kuanza katikati ya mabadiliko, kwa hiyo inashika picha kamili iliyotangulia. Simu nyingine itaonyesha sekunde chache za ziada, nyingine itaganda picha huku sauti ikiendelea. Sauti na ubao vikirudi pamoja baada ya sekunde mbili tatu, achaneni nayo. Ikiwasumbua, ondoeni `-c copy` na muweke hii:

```
-c:v libx264 -crf 26 -c:a aac
```

Sasa video inachakatwa upya na mwanzo unakaa palepale mlipotaka. Gharama yake ni muda. Kwenye kompyuta ni dakika chache, kwenye simu ya kawaida itapata moto na betri itashuka, kwa hiyo ichomekeni kwenye chaji na msiifunike na mto.

Kwa nini sikushauri kukata video ya vipande vyote vinne? Kwa `-c copy` ungepata karibu megabaiti 190. Na viungo vya video iliyokatwa hivi ndivyo vinavyoyumba: midomo inatangulia sauti, au picha inaganda kwenye kila mshono. Sauti haina tabu hiyo.

Kukagua

Andikeni:

```
ffprobe wiki6_mtihani.m4a
```

Tafuteni neno `Duration`. Yangu inasoma 00:51:30 na vipande vya sekunde. Yenu ikitofautiana na jumla ya karatasini kwa zaidi ya sekunde moja mbili, kuna tarakimu iliyogeuzwa, na mara nyingi ni saa iliyosahauliwa: mtu ameandika `00:31:50` badala ya `01:31:50`. Kosa hilo ni baya kuliko mengine kwa rekodi hii, kwa sababu 00:31:50 ni nusu dakika tu baada ya kosa langu. Utafungua kipande cha sahihisho, utasikia sauti yangu ikizungumzia irabu, utadhani mambo yako sawa.

Kwa hiyo urefu hautoshi. Sikilizeni sekunde 10 za mwanzo na 10 za mwisho za kila kipande. Kwangu: a inaanza na "Haya, tuingie kutendea". B inaanza na sauti ya mbali ya kijana wa nyuma. Anasikika kwa shida, wekeni spika za masikioni. Inaishia kwenye mifano ya kutendua. Hapo sikilizeni kwa makini, kwa sababu ndipo mkanganyiko wangu unapoeleweka. Katika kutendea, e na o ndizo zinazovuta -e-, nyingine zote huchukua -i-: kata katia, pika pikia, funga fungia. Katika kutendua, o peke yake ndiyo inayovuta -o-, choma chomoa, lakini e haifanyi hivyo: tega ni tegua, si tegoa. Kunja kunjua, ziba zibua. Kanuni mbili zinafanana sura bila kuwa pacha, na mtu anayezichanganya husema nilichosema mimi.

Kisha fanyeni jaribio lililobaki. Chukueni yale matokeo matatu ya muhtasari, mgeuze kila moja liwe swali, mjibu kwa kutumia faili lenu jipya peke yake, daftari limefungwa. Mimi nilifanya hivyo nikakuta namba 2 inapwaya: mfano wa samehe nilioutoa kwenye c niliukatisha katikati, "samehe, same...", umeme ukazima. Umbo zima, samehea, nililitamka kwenye d. Lipo, limekaa mbali. Nikaandika tu kwenye karatasi dakika yake ili msikilizaji asibabaike. Kama lisingekuwepo kabisa ningerudi kwenye faili la asili kulitafuta, na ndiyo maana nasisitiza `wiki6.mp4` isifutwe mpaka matokeo yatoke, sapu zikiwemo.

Machache kuhusu kugawana

Kwenye rekodi kuna sauti za wenzenu. Kipande b kina mtu anayeuliza kwa kigugumizi cha woga, na mmoja wenu alicheka. Nimeukata ule mcheko, ulikuwa mwishoni mwa sekunde ya mwisho. Faili likae ndani ya darasa. Asiyetaka sauti yake isikike aniambie, tutaandika swali lake kwa maandishi na kukata sauti.

Mkituma kwenye kundi, tumeni pamoja na picha ya karatasi ya jedwali. Faili bila jedwali ni desa kama desa lingine, hakuna anayejua limeacha nini. Mwenye jedwali anaweza kupinga: "umeacha 01:20, kulikuwa na kitu pale". Na anaweza kuwa sahihi. Mimi mwenyewe nimesita juu ya dakika mbili za maswali ya kazi ya kikundi, ambapo mmoja wenu aliuliza kama "pigilia" ni kutendea mara mbili. Sikuiweka kwa kuwa mnyambuliko wa kauli zaidi ya moja ni wa wiki ya 8. Mkiona nimekosea, njooni na namba ya matokeo inayoibeba.

Rekodi ya wiki ya 7 itakuwa kwa mwakilishi kuanzia Ijumaa. Vikundi vile vile vya vimbwetani, kila kikundi jedwali moja na faili moja. Jedwali lifike mezani kwangu Jumatano kabla ya saa nne asubuhi. Faili nitalifungua mbele yenu, na nitaanza kwa kuangalia mmeiweka wapi dakika ya 01:12.

Mwalimu wenu wa Mofolojia